Wifi, chupa ya simosi na bei ya dagaa

Wifi yangu haji mjini mikono mitupu. Safari hii alishuka botini na chupa mbili za simosi, ule ute wa mwani unaotangazwa kila kona ya wasapu, pamoja na pakiti ya unga wa kijani uliokoza hadi kukaribia weusi. Akavipanga mezani kwangu kimoja kimoja.

“Hii ya kijani ni spirulina, inaongeza damu. Na hii ina madini 92 kati ya 102 ya mwili wa binadamu. Vijiko viwili asubuhi kabla hujatia kitu tumboni. Utanikumbuka, wifi.”

Nikamuuliza bei. Chupa moja ya simosi yenye gramu 350 aliinunua shilingi 25,000, na pakiti ya spirulina ya gramu 100 shilingi 40,000. Jumla 90,000. Kwa nyumba yangu hiyo ni hela ya sokoni ya siku nyingi, maharage na dagaa na mayai ndani yake. Nilimshukuru, maana zawadi ni zawadi. Alipoingia kuoga nikatoa mzani wa jikoni.

Tuanze na ile ya kijani. Spirulina si jani wala si mmea wa baharini. Ni viumbe vidogo jamii ya bakteria vinavyotumia mwanga wa jua kama mimea, na hustawi katika maji ya magadi yenye joto. Sisi tunavyo karibu. Heroe wadogo wanaojaza maziwa ya Bogoria, Nakuru na Natron kwa rangi ya waridi wanaishi kwa kuchuja viumbe hao majini, na rangi yao inatokana na chakula hicho. Spirulina ya pakiti kwa kawaida hufugwa katika mabwawa yaliyojengwa, ikachujwa, ikakaushwa na kusagwa.

Na ndani yake kuna kitu, sitakataa. Katika gramu 100 za unga mkavu, protini ni kama gramu 57, na madini ya chuma ni kama miligramu 28. Ukisoma hivyo unaona kweli hiki ni chakula cha ajabu, nyama haifiki. Tatizo ni kwamba hakuna anayekula gramu 100. Nilichota kijiko cha chai kilichosawazishwa nikakipima: gramu 3. Humo protini ni gramu 1.7. Yai moja lina gramu 6. Kwa hiyo utahitaji vijiko vitatu na nusu vya unga unaonuka kama bwawa ili ufikie yai moja, na yai halihitaji kufunikwa na juisi ya embe ndipo lishuke.

Hapa ndipo bei inapoingia. Nilitumia bei za mtaani kwangu, wewe weka za kwako: yai 400, maharage makavu 3,000 kwa kilo, dagaa wakavu waliosafishwa 12,000 kwa kilo. Nikauliza swali moja tu, kwamba gramu 10 za protini zinanigharimu kiasi gani. Kwa maharage, yenye protini kama gramu 22 katika kila 100, inatoka shilingi 136. Kwa dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, ni kama shilingi 200. Kwa mayai ni kama 670. Kwa spirulina ya wifi ni shilingi 7,000. Hata ukiipata kwa nusu bei, bado inamshinda dagaa kwa zaidi ya mara kumi na tano.

Mwuzaji mwerevu atakwambia hauzi protini, anauza damu. Haya, tuifuate hiyo damu. Kijiko chetu cha gramu 3 kina madini ya chuma chini kidogo ya miligramu 1, na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anashauriwa kupata kama 18 kwa siku. Sahani ya maharage yaliyoiva, ujazo wa kikombe, humpa tatu au nne. Ni kweli kwamba chuma cha mimea mwili haukinyonyi chote, cha maharage wala cha spirulina, na ndiyo maana mama zetu hawakukosea kuweka nyanya na ndimu pembeni. Lakini mtu aliyepimwa akaambiwa damu imepungua anahitaji dozi, na hapo kijiko hakifiki popote. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki huwa na madini ya chuma kama miligramu 60 kila kimoja. Ili uzipate kwa spirulina itabidi ule gramu 210 kwa siku, pakiti mbili na ziada. Shilingi 84,000. Kila siku.

Nilimwambia wifi hesabu hii akiwa anajifuta nywele. Akanyamaza, kisha akasema, “Basi ndiyo maana binti yangu alikunywa miezi miwili na kipimo kikarudi palepale.” Hilo ndilo linaloniudhi katika biashara hii kuliko bei yenyewe. Miezi miwili ya mgonjwa kujiona anatibiwa.

Madai mengine mawili ya spirulina yanastahili kushikwa mkono yakasimama. La kwanza ni vitamini B12, ambayo wasiokula nyama, samaki wala maziwa huikosa. Pakiti nyingi zinajivunia kuwa nayo tele. Maabara inayopima kwa kuangalia jinsi vijidudu fulani vinavyokua hutoa namba kubwa kweli. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Japani walipoichambua kwa undani, walikuta asilimia 83 ya kile kilichohesabiwa ni kifanani chake, umbo linalokaribiana na vitamini hiyo ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia. Mtu aliyeacha nyama akategemea pakiti hii anaweza kukaa miaka akidhani yuko salama huku mishipa ya fahamu inaharibika polepole, miguu inaanza ganzi. Dagaa, ini, yai na maziwa vina ile ya kweli.

La pili ni lile la kwamba kilo 1 ya spirulina ni sawa na kilo 1,000 za mboga, na mara nyingi hubandikwa jina la shirika la anga la Marekani. Shirika hilo liliwahi kweli kuichunguza kama chakula kinachoweza kulimwa chomboni. Lakini hesabu ya tani moja ya mboga haihitaji maabara kuipinga, mchicha unatosha. Majani mabichi ya mchicha yana protini kama gramu 2.5 kwa kila 100 na chuma miligramu 2 na kitu. Fanya mgawanyo: protini ya kilo moja ya spirulina iko ndani ya kilo 23 za mchicha, na chuma chake kimo ndani ya kilo 12 hivi. Si 1,000. Na hata hizo 12 na 23 zimependelewa, kwa sababu tunalinganisha unga mkavu na majani ambayo zaidi ya asilimia 90 ni maji. Kausha mchicha wako uone pengo linavyosinyaa. Ukiona mfanyabiashara analinganisha kikavu na kibichi, jua tayari ameshakuibia nusu ya hoja.

Kuna mahali duniani ambapo spirulina ni chakula hasa. Pembezoni mwa ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu huichota kwenye madimbwi ya magadi, wakaimwaga juu ya mchanga ikauka na kuwa vipande kama mikate, nao huiita dihe. Huipika mchuzi wenye pilipili na samaki wakala na ugali wa mtama au uwele. Mlo mmoja huingiza gramu 10 hivi kwa mtu, na wanaila kama sisi tunavyokula kisamvu, kwa bei ya kisamvu. Ikifungwa pakiti ya kung'aa na kuchotwa kwa kijiko cha chai, inakuwa kitu kingine.

Sasa simosi. Nilifungua chupa, nikaunusa ule ute, nikacheka. Mimi harufu hiyo naijua. Ni harufu ya Paje na Jambiani maji yakitoka, wanawake wameinama kwenye mistari ya kamba, watoto wanavuta magunia. Simosi ni mwani. Wifi, aliyezaliwa kijiji ambacho mwani huanikwa juu ya majamvi mbele ya mlango, alikuwa amenunua mwani kwa shilingi 25,000 na kuuvusha bahari kuniletea.

“Huu si mwani wetu,” alisema. “Huu ni wa Karibea.”

Huenda. Jina hilo halielekezi kitu kimoja. Zamani liliuhusu mwani mwekundu wa miamba ya baridi ya Atlantiki, kule Ayalandi. Wakaribea wanalitumia kwa mwani mwingine kabisa wa maji ya joto. Na siku hizi sehemu ya kinachouzwa duniani kwa jina hilo ni zile jamii mbili zilizoletwa Zanzibar kutoka Ufilipino mwaka 1989, ambazo wakulima huziita spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri zaidi, lakini maji yanapozidi joto hushikwa na ugonjwa wa kung'oka na kuwa mweupe, kwa hiyo mashamba mengi yamebaki na spinosamu. Zote zililetwa zilimwe kwa ajili ya ute wake, karaginani, unaokwenda viwandani kuzuia maziwa ya chokoleti yasitengane na dawa ya meno isitiririke.

Mkanganyiko huu wa majina una faida kwa mwuzaji. Jedwali la virutubisho lililobandikwa kwenye chupa nyingi ni la mwani wa Ayalandi, na ndani ya chupa mna mwani mwingine, uliokulia maji mengine. Madini ya mwani hubadilika kwa jamii, kwa pwani na kwa msimu. Ukitaka kujua kilichomo kwenye chupa yako, ni lazima chupa hiyo, au shehena yake, iwe imepimwa. Chupa ya wifi haikuwa na tarehe ya kutengenezwa, achilia mbali majibu ya maabara.

Hata hivyo nilikubali kuipima kwa upendeleo, nikaipa namba za ule wa Ayalandi. Siku iliyofuata tulinunua mwani mkavu tukatengeneza wenyewe. Gramu 50 zilipolowekwa usiku kucha, zikaoshwa mara tatu mchanga utoke, zikasagwa na maji, tulipata ute wa gramu 700. Maana yake vijiko viwili vya mezani, gramu 30, vina mwani mkavu wa gramu 2 tu. Kilichobaki ni maji ya bomba. Katika hizo gramu 2, kwa namba za ukarimu, kalsiamu inafika kama miligramu 8, ilhali glasi ya maziwa ina karibu 300. Chuma kinakaribia miligramu 1, sawa na kijiko cha spirulina. Protini haifai hata kuitaja. Kilichopo kwa wingi ni nyuzinyuzi za ute, zinazojaza tumbo na kulainisha choo, kazi ambayo bamia na mbegu za mlenda zinafanya bila sifa.

Kwa bei, chupa ya gramu 350 ina mwani mkavu wa gramu 25. Mkulima wa Zanzibar kwa miaka mingi hakufikishiwa shilingi 1,000 kwa kilo ya spinosamu kavu. Yaani malighafi ya chupa ile ya 25,000, kwa bei ya ufukweni, haifiki hata shilingi 25. Nakiri kuna kuosha, kusaga, chupa, friji, nauli na kibandiko, na sipingi mama wa Bwejuu kuuza ute au sabuni ya mwani badala ya kumwachia dalali gunia zima; kama hela hiyo inaingia mkononi mwake, na iingie. Ninachopinga ni kuilipia kama dawa. Anayependa ute wenyewe kwenye uji au juisi, autengeneze nyumbani. Robo kilo ya mwani mkavu uliosafishwa itamtosha miezi.

Na yale madini 92? Msemo huo ulienezwa na Alfredo Bowman, mganga wa mitishamba kutoka Hondurasi aliyejulikana kama Dakta Sebi na ambaye hakuwa daktari. Alifariki mwaka 2016. Mwili wa binadamu hauna orodha ya madini 102 unayoyahitaji. Yanayojulikana kuwa ya lazima ni kama ishirini tu, ukihesabu kwa ukarimu. Elementi zote zinazopatikana kiasili duniani ni kama 94. Kwa hiyo kitu chenye 92 kingelazimika kuwa na risasi, zebaki, aseniki na urani. Sijui mwuzaji gani anataka kusifiwa hivyo, ingawa kuna kaukweli: mwani hunyonya kilichomo majini, na ukilimwa karibu na bandari au mdomo wa mto unaobeba taka, metali nzito huingia.

Kitu kimoja ambacho mwani unacho kweli ni madini joto, na hapa sifa yenyewe ndiyo hatari. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Chumvi iliyoongezwa madini joto ikiwa na miligramu 30 kwa kilo, gramu 5, kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, zinampa 150 kamili, kwa pakiti ya mia kadhaa. Mwani unaweza kuwa na kidogo sana au nyingi kupindukia, na chupa haisemi. Wataalamu wa Ulaya wanaweka kikomo cha mikrogramu 600 kwa siku, Wamarekani 1,100. Ukizidisha kwa muda mrefu, tezi ya shingoni inaweza kulala au kuchachamaa, na rovu linaweza kuota kwa kuzidi kama linavyoota kwa kukosa. Mjamzito, mwenye rovu, na anayemeza dawa za tezi hiyo wasiguse mwani wa kila siku bila kumweleza daktari wao.

Spirulina nayo ina shimo lake. Yenyewe ikifugwa safi haina shida kwa wengi, lakini ikivunwa kwenye maji ya wazi huweza kuchanganyika na jamaa zake wanaotoa sumu inayoshambulia ini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikuta sumu hizo katika maziwa ya Bonde la Ufa ya Kenya, na katika miili ya heroe waliokufa Bogoria. Kwa hiyo akija mtu na unga “wa asili kutoka ziwani”, hilo neno asili ndilo la kuogopa. Uliza imefugwa wapi na kama shehena ilipimwa sumu ya ini na metali nzito. Alama ya TBS au KEBS kwenye pakiti ni mwanzo mzuri, ila inahusu ubora na usalama wa chakula, haithibitishi kwamba kinaponya kisukari.

Kwa haki yake, spirulina imejaribiwa kwa watu. Majaribio mengi ni madogo, na baadhi yameonyesha kushusha kidogo lehemu na shinikizo la damu kwa waliotumia gramu kadhaa kila siku. Kidogo, na haikuwa mbadala wa dawa. Simosi hata hapo haijafika. Kusafisha kizazi, kuondoa makamasi mwilini, nguvu za kiume, hayo yote yanasimama kwa mdomo wa mwuzaji. Lile linalonichekesha ni la kuharisha. Ukinywa tumbo likachafuka unaambiwa sumu inatoka. Lisipochafuka unaambiwa mwili umeipokea. Hakuna jibu ambalo lingemfanya akurudishie hela.

Nami yaliwahi kunipata. Mwaka juzi nilinunua chupa ya simosi kwenye kibanda kimoja ambacho sitakitaja, umeme ulikuwa unakatika kila siku, na nilipofika nyumbani kifuniko kilikuwa kimevimba. Ute mzuri hauna mapovu wala harufu ya uchachu, na hukaa kwenye friji wiki mbili au tatu tu. Nilipompigia mwuzaji akasema mapovu ni dalili ya uhai. Nikaumwaga chooni.

Wifi alikaa siku nne. Spirulina tuliigawa: yeye kijiko kwenye juisi yake ya ukwaju, kwa sababu ameshailipia na haimdhuru. Binti yake tulimpigia simu arudi kliniki kuchukua vidonge. Siku ya kuondoka alibeba kilo mbili za dagaa wa Mwanza, akaacha chupa ya pili ya simosi ambayo haijafunguliwa.

“Paka usoni,” alisema akipanda bodaboda kwenda bandarini. “Kwa uso inafaa, hilo nalo utapima kwa mzani?”